Nimeteketeza ada ya watoto kwa kubeti: naomba mnisomee barua hii kabla sijaikabidhi nyumbani

BabaWawili

Wakuu, salaam. Nina mke na watoto wawili, binti wa miaka 15 na mvulana wa miaka 9. Ada yao ya mwaka ilikuwa mikononi mwangu ili niipeleke benki, nami nimeimaliza yote kwa kubeti katika siku 11. Sitataja kiasi halisi, bali nitaiita ada nzima mia moja, mpate kufuata hesabu. Katika mia hiyo, sitini zilitoka kwenye akiba ya mke wangu na arobaini kwenye mshahara wangu. Shule zinafunguliwa baada ya siku 19, na mama watoto anachojua ni kwamba risiti imechelewa.

Ana kwa ana naishiwa maneno, kwa hiyo nimeamua kumwandikia. Rasimu yangu ni hii:

*"Mke wangu mpenzi na wanangu, nasikitika kuwajulisha kwamba fedha za ada zimepotea kutokana na michezo ya kubashiri. Nia yangu ilikuwa njema, kwani nilikuwa natafuta kuziongeza kwa ajili yenu, lakini shetani alinipitia. Ikiwa nimewaumiza, naomba mnisamehe, tuyasahau yaliyopita na tuanze upya. Naahidi kwa jina la Mungu kwamba sitarudia tena."*

Naomba mnikosolee lugha, kwa kuwa kuandika si kazi yangu.

Msafiri_77

Pole sana, kaka. Ushauri wangu ni kwamba barua kwa mkuu wa shule isiwe na maneno ya shetani wala ya kubeti. Eleza tu kwamba umepata dharura ya kifamilia, uombe kulipa kwa awamu, kisha utaje tarehe ya kila awamu.

BabaWawili

Asante, Msafiri, ila barua hii ni ya mke wangu na watoto. Ya shule bado sijaifikiria.

KalamuNyekundu

Ndugu, lugha yako haina tatizo, lakini kila sentensi uliyoiandika inakuondoa mahali pa tukio. Nasema hivyo bila kukudharau, kwa sababu na mimi nilibeti miaka sita, na barua yangu ya kwanza ilifanana na hii karibu neno kwa neno.

Umeandika kwamba fedha "zimepotea". Fedha hupotea mfuko ukitoboka. Hizi ulizitoa wewe, kwa kidole chako, dau baada ya dau, na mke wako ataligundua hilo kabla hajafika mwisho wa mstari. Ukasema ulitafuta kuziongeza "kwa ajili yenu", na hapo umewabebesha wao sababu ya kosa lako, hata mtoto wa miaka 9 ajione kwamba baba alicheza kwa sababu yake. "Ikiwa nimewaumiza" ni shaka unayoitia mahali pasipo na shaka yoyote. Kuhusu kuyasahau yaliyopita, hilo si lako kulipendekeza, kwa kuwa anayesahau ni yule aliyeumizwa, tena kwa wakati wake mwenyewe.

Kubwa kuliko hayo yote ni lile ambalo barua haikulitaja. Una deni? Uliazima kwa mtu, au ulichukua mkopo wa simu? Vikundi vya wacheza kamari wanaosaidiana kuacha, ambavyo cha kwanza kilianzishwa Los Angeles mwaka 1957, humtaka mtu aorodheshe madeni yake yote, hata yale madogo anayoyaonea aibu. Wanajua kwamba mcheza kamari hukiri nusu, na nusu iliyobaki ikija kujulikana huumiza kuliko ile ya kwanza, kwa sababu sasa hata ungamo lenyewe linakuwa limegeuka uongo.

Kabla ya kuandika tena, fungua historia ya akaunti yako ya kubeti na ujumbe wa miamala kwenye simu, uandike kila dau na siku yake. Ukimaliza, rudi hapa.

MzeeWaOdi

Wote mnamhukumu, na hakuna anayemwambia alikosea wapi. Kosa la vijana ni kuweka mkeka wa mechi nyingi. Chukua mechi moja tu yenye odi ya 2, anza na dau dogo, na ukipoteza uongeze dau mara mbili. Siku utakayoshinda unarudisha yote na faida juu. Siku 19 zinatosha kabisa kurudisha ada bila barua yoyote.

HesabuHaidanganyi

Mzee, umesema kweli nusu, nami nitaanza na nusu hiyo. Mkeka mrefu kweli ni mbaya zaidi, kwa sababu kampuni hukata sehemu yake katika kila mechi. Tuseme katika mechi moja wastani wa kinachorudi ni 93 kwa kila 100 zilizowekwa. Ukiunganisha mechi nane kwenye mkeka mmoja, makato hayo yanajirudia mara nane, na wastani wa kinachorudi unashuka hadi kwenye 56 hivi.

Nusu ya pili ndiyo itakayommaliza. Anza na dau la 1 na uongeze maradufu kila unapopoteza: 1, 2, 4, 8, 16, 32. Ukipoteza mara sita mfululizo umekwisha kutoa 63, na dau la saba linadai 64, ilhali katika mia yako zimebaki 37 tu. Kila ukifanikiwa, faida ya mfululizo mzima ni 1. Ikiwa nafasi yako ya kushinda kila mechi ni 47 katika mia, mfululizo wa vipigo sita utakutana nao kama mara moja katika kila majaribio 45. Maana yake ni kwamba utaokota moja moja mara 44, kisha siku moja utoe 63. Zaidi ya hapo, BabaWawili hana tena mia ya kuanzia.

MzeeWaOdi

Hesabu za darasani hizo. Mimi nimewahi kurudisha.

HesabuHaidanganyi

Sikatai kwamba uliwahi, Mzee. Ni ile mara moja uliyoikumbuka.

BabaWawili

KalamuNyekundu, nimefanya ulivyoniagiza, na imenichukua usiku mzima ingawa miamala yenyewe ni michache. Naiweka hapa kama ilivyo.

Siku ya kwanza niliweka 5 kwenye mkeka wa mechi nane. Saba zilitiki, na ya nane wakasawazisha katika dakika za nyongeza. Nilijiona kama mtu aliyeshinda akacheleweshewa malipo, na kosa langu kubwa la kwanza nadhani lilikuwa hilo, kwa maana nililala nikiamini kwamba nimekaribia. Nikaweka 10, ikaenda. Nikaweka 15, ikaenda. Zikabaki 70.

Alhamisi nikaweka 20 kwenye mechi moja yenye odi ya 1.85, nikashinda, zikarudi 37. Nikawa na 87.

Hapa nimekaa muda mrefu nikiitazama namba hiyo. Siku ile nilikuwa na 87 mkononi, na pengo lilikuwa 13 tu. Ningeweza kwenda nyumbani nikasema, "Mama watoto, nimefanya upumbavu, pamepungua kumi na tatu." Angekasirika, tungenuniana wiki moja, na watoto wangekwenda shule. Lakini nilitaka iwe mia kamili ili nisilazimike kusema neno lolote. Ijumaa nikaweka 30, ikaenda. Jumamosi 30 nyingine, ikaenda. Jumapili nikaweka 27 zote zilizobaki, nazo zikaenda.

Na ndiyo, kuna mkopo. Jumatatu nilikopa 15 kwenye simu, nikazipoteza siku hiyohiyo. Riba inaendelea kupanda. Jambo hili sikukusudia kulitaja, hapa wala nyumbani.

KalamuNyekundu

Sasa barua unayo, ndugu. Iko kwenye ile 13. Kabla ya Alhamisi ulikuwa unacheza ili upate, na baada ya Alhamisi ulicheza ili ufiche. Mke wako anastahili kujua hivyo, kwa kuwa swali atakaloamka nalo usiku halitakuwa "alibeti vipi", litakuwa "kwa nini hakuniambia mapema". Jibu unalo, na ni la aibu. Liandike kama ulivyoliandika hapa, usilipambe.

Mkopo nao uwemo, pamoja na tarehe ya kulipwa na kiasi kitakachokuwa kimefikia siku hiyo.

Mtulivu

Mimi naona mnamkaba mno. Kamari ni ugonjwa, na hata Shirika la Afya Duniani limeiweka hivyo. Aandike kwamba anaumwa na anahitaji msaada. Huwezi kumwomba radhi mtu kwa kuugua.

KalamuNyekundu

Ni kweli kwamba katika orodha ya magonjwa ya shirika hilo iliyoanza kutumika 2022, uraibu wa kamari umewekwa kundi moja na uraibu wa vileo, nami nashukuru kwa hilo, kwani bila matibabu nisingefika hapa. Lakini wanaotambua ugonjwa huo hutazama tabia ya muda mrefu, na BabaWawili ametuonyesha siku 11. Huenda anaumwa, huenda haumwi. Akapimwe. Akiliweka neno hilo kwenye barua kabla ya kumwona mtaalamu, litasomeka kama shetani yule yule aliyebadilisha nguo.

Mtulivu

Hapo hatutakubaliana. Mtu anayekopa ili acheze tayari anaumwa, awe amepimwa au hajapimwa.

DadaSubira

Nimesita kuandika, kwa sababu mimi nipo upande wa pili wa barua kama hii. Mume wangu aliniandikia kurasa tatu nzuri, nililia nilipozisoma, nikasamehe siku hiyohiyo. Baada ya wiki tano nikapigiwa simu na watu wanaomdai, maana alikuwa ameniandika mimi kuwa mdhamini bila kuniuliza. Hadi leo nikikumbuka zile kurasa tatu najisikia mjinga, na ujinga huo unaniuma kuliko fedha zenyewe. Kwa hiyo namuunga mkono KalamuNyekundu kuhusu mkopo, na ninakuuliza, BabaWawili: uliandika namba ya nani?

Jambo la pili. Wanaume mkishakiri hupenda kutukabidhi kadi ya benki na simu, mkadhani mmetuheshimu. Mimi niligeuka askari magereza ndani ya nyumba yangu. Kila alipotaka nauli alisimama mbele yangu kama mtoto, nami nikawa mtu nisiyempenda. Usimpe kazi hiyo bila kumuuliza kama anaitaka.

KalamuNyekundu

Dada, pole sana. Hilo la pili mimi nina ushuhuda tofauti, kwani bila mke wangu kushika mshahara kwa mwaka mmoja ningerudi kucheza kabla ya mwezi kwisha. Ila nakubali kwamba aliulizwa, na alikubali kwa masharti yake.

BabaWawili

Dada Subira, niliandika namba ya mke wangu. Nimeona haya hata kukujibu.

MwalimuMstaafu

Nimefundisha miaka mingi, naomba nizungumzie watoto. Umewaweka mama na watoto katika barua moja, na hiyo si sawa. Binti wa miaka 15 akitolewa darasani kwa sababu ya ada, naye hajui kilichotokea, hujitungia sababu, na mara nyingi sababu anayoitunga ni yeye mwenyewe: kwamba hafaulu vya kutosha, kwamba ni mzigo. Aambiwe kabla ya siku ya kufungua shule, na aambiwe na baba. Nenda pia shuleni mapema, kwa kuwa mzazi anayekuja kabla ya muhula husikilizwa tofauti na anayekuja baada ya mtoto kurudishwa. Hapo Msafiri alikuwa na hoja, ingawa mimi nisingeandika dharura ambayo haikuwepo.

Kuhusu mdogo wa miaka 9, mimi ningemwambia kwa kifupi kwamba baba alitumia vibaya fedha za shule na anazitafuta.

DadaSubira

Mwalimu, kwa heshima zote, mtoto wa miaka 9 mwacheni. Wangu aliambiwa, akaanza kuficha sarafu zake chini ya godoro ili baba asizichukue.

MwalimuMstaafu

Nimesikia, binti yangu. Pengine mama yake ndiye aamue.

BabaWawili

Nimeandika upya. Kabla ya kuandika nimefunga akaunti zangu mbili za kubeti kwa njia ya kujizuia ambayo kampuni zenyewe zinaitoa, ili barua iseme nilichokwisha kufanya. Najua kampuni nyingine bado zipo na naweza kufungua akaunti kesho, kwa hiyo sijaliandika kama ushindi. Barua ni ya mke wangu peke yake.

*"Mama watoto,*

*Ada ya watoto haipo. Nimeicheza kamari yote, zako sitini na zangu arobaini, kwa siku kumi na moja. Hakuna aliyenishawishi. Fedha ulizozikusanya kwa mwaka mzima nilizichukua nikiwa na akili zangu timamu, nikazitumia kwa jambo ambalo nilijua usingelikubali, na ndiyo maana sikukuuliza.*

*Alhamisi ya wiki ile nilikuwa bado na themanini na saba. Ningekuambia siku hiyo, hasara ingekuwa kumi na tatu na watoto wangekwenda shule. Sikukuambia kwa sababu niliogopa uso wako, nikaona heri nihatarishe ada yote kuliko kukiri kipande kidogo. Kwa hiyo themanini na saba zilizofuata ziliteketea kwa sababu ya uoga wangu mbele yako, na hilo ndilo linalonitia aibu kuliko lote.*

*Kuna jambo jingine usilolijua. Nilikopa kumi na tano kwenye simu, nazo nimezipoteza. Mkopo unatakiwa kulipwa tarehe 28, na kwa riba utakuwa umefika kumi na nane. Niliandika namba yako kama mtu wa kupigiwa, bila ruhusa yako. Wakikupigia, huna wajibu wa kuwajibu. Karatasi ya miamala yote nimeiambatanisha, na nywila ya akaunti nimeiandika chini yake, uhakikishe mwenyewe kwamba hakuna nilichokiruka.*

*Nimefunga akaunti zote mbili. Jumanne nitakwenda shuleni kueleza ukweli na kuomba kulipa kwa awamu. Wakikataa, nitakuambia siku hiyohiyo. Kila mwisho wa mwezi nitaweka thelathini katika mia ya mshahara wangu kwenye ada, na kabla ya arobaini zangu zitarudi kwanza sitini zako. Nani ashike fedha hizo, uamuzi ni wako. Ukitaka nikae nazo, ukitaka zikae kwa mtu mwingine, nitakubali. Uamuzi wa kumwambia mdogo nao ni wako. Mkubwa naomba nimwambie mimi, ukiwepo au usipokuwepo, kama utakavyotaka.*

*Sikuombi unisamehe leo. Nimekukosea, nimewakosea watoto, na nimekufanya uishi siku kumi na moja ndani ya nyumba yenye uongo bila kujua. Naomba radhi."*

KalamuNyekundu

Sina cha kufuta. Nina swali moja tu: thelathini katika mia ya mshahara, umeipima dhidi ya kodi na chakula? Ahadi ikivunjika mwezi wa pili, barua nzima itaanguka nayo.

BabaWawili

Nimepima tena. Ni ishirini. Nimeibadilisha.

Mtulivu

Mbona hakuna ahadi ya kutobeti tena? Ningekuwa mkeo ningelitafuta neno hilo kwanza.

KalamuNyekundu

Mimi niliiapa mara nne, ndugu. Lakini nakubali kwamba wapo wanaohitaji kulisikia.

BabaWawili

Wakuu, narudi kuwajulisha. Nilimkabidhi jana jioni watoto wakiwa wamelala. Aliisoma mara mbili akiwa amesimama, kisha akakaa na karatasi ya miamala, akawa anapitisha kidole kila mstari. Hakulia wala hakupaza sauti. Aliponyanyua kichwa aliuliza swali moja: "Alhamisi hii ya themanini na saba, si ndiyo siku nilipokuomba risiti ukaniambia mtandao wa benki umekatika?"

Ndiyo siku hiyo. Sikuwa nimeliandika. Nilikuwa nimeorodhesha kila dau na kila deni, na jambo hilo halikunijia kabisa akilini.

Amekataa kuzungumzia msamaha, na kuhusu nani ashike fedha amesema atafikiri. Kuhusu ahadi, Mtulivu, hakuiulizia. Barua ameiweka kwenye bahasha ya vyeti vya watoto. Alichoniagiza ni karatasi ya pili, yenye kila nilichomwambia katika siku zile 11 ambacho hakikuwa kweli, na siku yake. Nimeanza asubuhi hii na nimefika cha tisa.